Hoja au sura: njia mbili za kushawishi

Mwaka 1983, watafiti Petty, Cacioppo na Schumann waliwaonyesha wanafunzi wa Marekani tangazo la wembe. Walioahidiwa kuchagua wembe wa kwenda nao nyumbani walipima hoja zenyewe: hiyo ndiyo njia kuu. Walioahidiwa dawa ya meno badala yake walivutwa zaidi na wanamichezo mashuhuri pichani, yaani njia ya pembeni.

Kampeni ya chandarua ikileta msanii, watu hugeuka kutazama, ila mvuto huo hufifia upesi. Mama anayeuliza, “Na joto hili, nikifunge cha nini?” anataka jibu: mbu wa malaria huuma zaidi usiku, na dawa ya chandarua humuua akitua. Mama huyo akiridhika, msimamo wake hudumu. Ukimpa hoja dhaifu, utamkimbiza kabisa.