TAHADHARI: Usimlipe mtu akurudishie WhatsApp iliyoibiwa

Ukitangaza tu kwamba WhatsApp yako imedukuliwa, watakufuata watu wanaojiita mafundi wa kurudisha akaunti. Wanaomba hela ya kuanzia kazi, halafu wanataka namba 6 zilizoingia kwa SMS. Msiwape! Namba hizo ndizo ufunguo wenyewe, na hela ukishatuma hairudi.

Kurudisha ni bure na unafanya mwenyewe. Angalia laini kwanza. Kama haishiki mtandao kabisa na za wenzako zinashika, huenda imehamishiwa kwenye kadi nyingine, kwa hiyo nenda na kitambulisho duka la kampuni yako ya simu. Kama iko hewani, piga `##002#` kufuta uelekezaji wa simu. Kuna matapeli wanaomdanganya mtu abonyeze namba fulani, kumbe anaelekeza simu zake kwao ili WhatsApp ikipiga kusoma kodi, yaani zile namba 6, wasikie wao.

Kisha fungua WhatsApp kwenye simu yako, andika namba yako, subiri SMS, ingiza zile namba 6. Hapo hapo mwizi anatolewa. Ukiambiwa usubiri saa kadhaa, ni kwa sababu kodi imeombwa mara nyingi mno. Acha kubonyeza mpaka muda uishe.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo watu wanapoliwa. Baada ya namba 6, WhatsApp inaweza kudai PIN ambayo hukuiweka wewe. Ni mwizi kaiweka. "Fundi" atakuambia ana programu ya kuivunja. Hana. Ukishaingiza kodi ya SMS, mwizi ameshatoka hata kama PIN huijui, na baada ya siku 7 utaingia bila PIN hiyo. Anachokuuzia ni siku 7 ambazo zingepita zenyewe.

Usikae kimya siku hizo. Wapigie simu ndugu na viongozi wa magrupu, uwaambie wasitume hela kwa meseji yoyote iliyotoka kwenye namba yako. Mazungumzo yako ya zamani mwizi hakuyakuta kwa kusajili namba tu, ila kabla hajatolewa magrupu uliyomo aliyaona na watu wake huenda aliwaandikia.

Ukiingia, kwenye Android gusa vidoti vitatu vya juu, kwenye iPhone nenda `Settings`, kisha `Linked devices`, toa kila kifaa usichokijua. Hata ambaye WhatsApp yake haijawahi kumtoka aangalie hapo, kwa sababu aliyeunganisha kompyuta yake kwako anasoma meseji huku wewe unaendelea kutumia kama kawaida. Halafu `Settings`, `Account`, `Two-step verification`: weka PIN yako, isiwe mwaka wa kuzaliwa, na uongeze baruapepe unayoifungua mwenyewe. Bila baruapepe, siku ukiisahau PIN utasubiri siku 7 zilezile.

Mlioko Tanzania, namba ya tapeli aliyewaandikia kwa SMS itumeni 15040, bure.