Doki ya USB-C kwa monita mbili za 144 Hz: ipi ununue, ipi uiache

Msomaji mmoja ameniandikia akifoka. Kanunua doki iliyoandikwa kwa herufi kubwa "monita mbili, 144 Hz", kachomeka monita zake mbili za 2560×1440, na kwenye mipangilio ya Windows zote zinagota 60 Hz. Muuzaji kamwambia kebo ni mbovu. Kebo wanaionea bure.

Idadi ya matundu na uzuri wa kasha mtajionea wenyewe. Mimi nauliza jambo moja: doki inaachia picha njia ngapi? Kebo ya USB-C inayobeba picha ina njia nne za kasi. Doki ya kawaida yenye matundu ya USB 3 huchukua mbili kwa ajili ya data, picha zikabaki na mbili. Hata kwa DisplayPort 1.4, njia hizo mbili hupitisha takribani gigabiti 13 kwa sekunde, ilhali monita moja kama ya msomaji wetu, ikiwa 144 Hz, inataka 14. Moja tu haienei, sembuse mbili! Kwa 60 Hz kila moja hula chini ya 6, ndiyo maana zinawaka bila shida na mtu anadhani kasoro iko kwingine.

Zipo doki zinazoachia picha njia zote nne. Utazijua kwa matundu ya USB 2.0. Hizo hufika karibu 26, na monita mbili zinataka 28. Utapata 120 Hz kwa zote, 144 hapana.

Ya kwanza kwangu ni doki ya Thunderbolt 4, na sifichi kwamba naipendelea CalDigit TS4. Thunderbolt ina gigabiti 40 na hubeba mikondo miwili ya DisplayPort, kwa hiyo 28 inaingia. Monita moja ichomeke kwenye tundu la DisplayPort, ya pili kwenye tundu la Thunderbolt kwa kebo ya USB-C kwenda DisplayPort. Laptopu nayo lazima iwe na Thunderbolt 3 au 4, au USB4 ya gigabiti 40. Ikiwa na USB-C ya kawaida, umetupa pesa.

Ya pili ni doki ya USB-C yenye DSC, yaani ubanaji wa picha. Nayo inatosha, mradi kadi ya picha ya laptopu iijue DSC. Wenye Mac waiache: kwa doki zinazogawa picha kwa MST, yaani picha za monita kadhaa ndani ya mkondo mmoja, monita zote mbili zitaonyesha kitu kimoja.

Za bei rahisi? Kwa 60 Hz, sawa.

Kinachoniudhi ni maandishi ya kwenye boksi. 144 Hz hiyo mara nyingi ni ya monita moja, na maelezo ya mbili yamefichwa kwenye jedwali la mwisho la mwongozo, kwa herufi za kutafutia miwani. Mwombe muuzaji jedwali hilo kabla ya kulipa. Akikujibu "inakubali zote", usilipe.