Eti nyumba yangu ndiyo mbaya: uzoefu wangu na faiba hapa Ilazo

Jina la kampuni silitaji, nisije nikaitwa mahali kujieleza. Ila fundi wao sitamsahau. Nililalamika wiki kadhaa kwamba intaneti inakwama, ndipo akaja, kasimama mlangoni hata viatu hajavua, akapima kwa simu yake, akagonga ukuta wangu kwa kidole, akasema: "Mama, intaneti ni nzuri. Nyumba ndiyo mbaya." Kuta za tofali za saruji eti zinameza Wi-Fi. Dawa ni kununua kifaa cha kuongeza signo, na kwa bahati njema kwenye gari anacho, shilingi 145,000 tu.

Nyumba niliyoijenga kwa mkopo wa miaka, mtu anakuja kuiita mbaya ili auze kidude!

Sikununua. Mimi naandaa hesabu za wateja walioko Dar, kazi yangu ni kupandisha mafaili mtandaoni kutwa nzima, na kifurushi ninacholipia ni cha Mbps 20. Simu chumbani ilikuwa inasoma 3. Basi nikaamua kuzipima hizo kuta zake kwa njia ambayo ukuta hauna la kusema: waya. Waya wa mtandao haujui kama kuna tofali au nyasi katikati. Ukichomeka laptopu kwenye ruta ukaona kasi imepanda hadi ile unayolipia, basi kweli mchawi ni Wi-Fi. Ikibaki palepale, Wi-Fi haina kosa, tafuta mbele zaidi.

Kabla ya kupima nilizima Wi-Fi kwenye laptopu yenyewe. Hapa wengi wanajidanganya, maana wanachomeka waya huku Wi-Fi ipo hewani, halafu hawajui wamepima njia ipi. Nikawaambia na watoto wazime simu zao, kwa sababu mtu mmoja akiangalia video upande wa pili kipimo chote ni bure. Laptopu yangu haina tundu la waya, nikatumia adapta ya yuesibii.

Jibu: 4. Kutoka 3 hadi 4! Ukuta ukawa umeachiwa huru saa ileile.

Mtu mwingine angeishia hapo akawapigia simu kuwatukana. Nami nilikaribia. Lakini kupima kwenye ruta kunakwambia tu kwamba tatizo haliko hewani. Hakukwambii kama ni ruta au ni laini ya kampuni, na huduma kwa wateja wangeniambia ruta imezeeka, ninunue nyingine. Kwa hiyo nikafanya kipimo kingine nikiwa bado nimechomeka waya, cha kuita ruta kwanza kisha kuita nje:

```
ping -n 50 192.168.1.1
ping -n 50 8.8.8.8
```

Hiyo namba ya pili ni ya Google, huko nje; ya kwanza ni anwani ya ruta yangu. Yako unaweza kuiona ukiandika `ipconfig`, pale palipoandikwa Default Gateway. Ruta ilijibu miito yote 50 bila kusita. Kule nje, 4 ilipotea njiani, skrini ikaandika 8% loss. Inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyokuwa inaniua: kila kipande cha data kinachopotea inabidi kitumwe upya, na kompyuta ikiona vinapotea inajipunguzia mwendo yenyewe ikidhani barabara imejaa.

Sasa nyumbani kwangu kile kisanduku cha faiba kipo dirishani sebuleni, waya unapoingilia, na ruta ipo koridoni. Katikati yake kuna waya mrefu ambao fundi wao aliukata na kuubana vichwa siku ya kufunga. Nikaichukua laptopu hadi dirishani, nikachomoa ule waya mrefu, nikachomeka waya wangu mfupi wa dukani moja kwa moja kwenye kisanduku. Mwanzo haikushika. Nikazima kisanduku, nikasubiri, nikawasha, maana baadhi ya visanduku hukumbuka kifaa cha mwisho kilichochomekwa. Kikashika. (Kuna kampuni laini yake haifunguki bila jina na nywila ambazo ruta ndiyo inazo, hapo utawaomba wakupe, au utakwama.)

19. Narudia, 19. Na miito 50 ikarudi yote 50.

Hapo hasira yangu ilichanganyikiwa. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kuwaambia kwamba laini yao ni uchafu, kumbe laini ni safi kama maji ya chupa! Nikakaa nikajiuliza, sasa ni ruta? Nikaibeba na yenyewe hadi dirishani, nikaiunga kwenye kisanduku kwa ule waya mfupi wa njano uliokuja ndani ya boksi lake, laptopu nikaichomeka kwenye ruta. 19 tena. Ruta nayo safi. Kilichobaki sakafuni kimelala ni ule waya wao mrefu.

Kijana mmoja anayefunga kamera Nzuguni alipita jioni kunisalimia, nikampa kichwa cha waya akiangalie. Hakupima chochote, alikiinua tu kwenye mwanga. Kile kichwa ni cha plastiki inayoonyesha ndani, unaona nyaya nane zimepangana kwa rangi. "Shangazi, huyu kapanga jozi kwa jozi," akacheka. Kumbe kijani na mwenzake mweupe-kijani hawatakiwi kukaa pamoja pale: mmoja unakaa nafasi ya 3, mwingine unarukishwa hadi ya 6, na jozi ya bluu inakaa katikati yao. Fundi alizipanga zote zikifuatana kama zinavyopendeza macho, na upande wa pili hivyohivyo. Ukiweka testa, taa zote nane zinawaka kwa sababu kila waya umefika unakotakiwa. Lakini signo inayopita 3 na 6 haisafiri tena kwenye nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, na ule msokoto ndio unaozuia kelele za jozi jirani. Kwenye kipande kifupi unaweza usione kitu. Kwenye waya mrefu kama wangu, vipande vinaanza kupotea.

Akakata vichwa vyote viwili, akabana vipya: mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, bluu, mweupe-bluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Waya uleule. Ruta ikarudi koridoni, laptopu ikasoma 19.

Kwa hiyo mkiniuliza kama mjiunge nao, laini yenyewe naisifu, tena usiku watu wote wakiwa mtandaoni haishuki sana. Na ili niwe mkweli, simu chumbani sasa inasoma 11, siyo 19, kwa hiyo kuta zinakula kidogo, hilo nawakubalia. Nilikuwa tayari kuwapa nyota nne.

Halafu nikapiga simu kuomba wanirudishie angalau nusu ya malipo ya mwezi, maana kosa ni la fundi wao, na vichwa alivyobana nimevihifadhi kwenye bahasha. Dada wa huduma kwa wateja akanisikiliza hadi mwisho, kwa upole kabisa, akasema kwenye mfumo inaonekana fundi alifika na mteja alikataa kununua kifaa alichoshauriwa.

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya yule kijana wa Nzuguni, ambaye hata si wao.