Jenereta au betri yenye inveta kwa ofisi ndogo Kariakoo?

Ofisi yetu ina kompyuta mpakato tatu, ruta na taa mbili, jumla wati 200 hivi. Jenereta ndogo ya petroli inaubeba mzigo huo siku nzima mradi mafuta yapo. Lakini umeme ukikatika, ruta inazimika papo hapo. Mpaka mtu ashuke ngazi akavute kamba, mteja wa simu ya video ameshapotea. Moshi wa jenereta nao unaua, kwa hiyo haiwashwi ndani wala koridoni.

Betri ya volti 12, ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200. Ya asidi tumia nusu tu, isife mapema. Ukitoa kinachopotea kwenye inveta, unabaki na kama 500, yaani saa mbili na nusu. Ya lithiamu hufika kama saa nne. Printa ya leza usiichomeke hapo: ikipasha moto huvuta wati mamia, inveta inalia na kuzima.

Mimi nachagua betri. Ila ruta ikiwaka na intaneti haipo, betri haisaidii. Weka modemu yenye laini ya kampuni nyingine, na uijaribu kabla ya siku ya shida.