Cheti cha NITA kilinifikisha jikoni mwa hoteli, supu ndiyo iliyonipima

Nimepika miaka 7 kwenye kibanda karibu na soko la Gikomba, Nairobi: githeri, matumbo, supu ya mifupa. Mwaka jana nikalipa karo ya miezi 6 katika chuo kimoja cha katikati ya jiji, masomo ya jioni, kisha nikafanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya Kenya ya mafunzo ya viwandani, gredi ya 3, ambayo ndiyo ya kuanzia.

Kwa kukata mboga na kutengeneza michuzi, pesa yangu ilienda mahali pazuri. Somo la usalama wa chakula, hata hivyo, lilikuwa la kunakili daftarini tu. Kipimajoto cha chakula sikukishika hata siku moja, na hilo linaniuma mpaka leo.

Hoteli moja ya Westlands iliniita. Ofisini waliangalia cheti cha NITA na kile cha afya cha wanaoshika chakula, kile cha kupimwa upya kila miezi 6. Dakika chache tu, nikapelekwa jikoni kwa jaribio la siku nzima.

Shefu aliniuliza kibandani nilikuwa nikiuza sahani ngapi za mchana. Nikamwambia 150 hivi, na msaidizi mmoja. Hapo ndipo aliponitazama vizuri. Cheti hakukiulizia tena. Jioni akaniachia lita 20 za supu ya mifupa: "Dada, hii ni akiba ya kesho."

Nikafanya nilivyozoea: nikafunika sufuria, nikaiacha ipoe yenyewe, asubuhi ningeichemsha tena. Baada ya nusu saa akachovya kipimajoto katikati. Nyuzi 86.

Hakunigombeza. Alinieleza kwamba kati ya nyuzi 60 na 5 vijidudu huzaana, na sufuria kubwa iliyofunikwa hukaa humo usiku kucha. Kuichemsha asubuhi hakuokoi kila kitu, maana baadhi ya vijidudu huacha sumu ambayo moto hauiondoi.

Tukachuja supu pamoja, tukaigawa kwenye trei pana, kina kama sentimita 5, tukaziweka juu ya maji ya barafu huku nikikoroga. Kutoka nyuzi 60 inatakiwa kufika 21 ndani ya saa 2, kisha 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Isipofika 21 kwa wakati, haiwekwi akiba. Yetu ilifika. Nikaandika joto na saa kwenye daftari la jikoni, nikabandika karatasi yenye jina la chakula, tarehe na jina langu, ndipo ikaingia friji.

Nilichukuliwa kwa miezi 3 ya majaribio. Shefu aliniambia baadaye kwamba wapishi wenye mkono mtamu huja wengi. Anayemtafuta ni yule ambaye, hata shefu akishaenda nyumbani, atajaza daftari la joto kwa ukweli.

Gredi ya 3 ifanye, bila karatasi huitwi. Ila kabla ya kulipa karo, omba kuingia jikoni mwa chuo uonyeshwe vipimajoto, na uulize kama wanafunzi huvitumia.