Lebo tatu za mada ya barua pepe kwa timu nzima, au kila mtu na yake?

Chukua suala moja la jenereta ya ofisi. Kila mtu akiandika apendavyo, zitakuja barua pepe za "HARAKA: jenereta", "Jenereta, tafadhali soma" na "Kuhusu jenereta". Meneja aliye safarini na simu tu hajui ipi inasubiri neno lake. Na HARAKA ikishabandikwa kila mahali, hakuna anayeishtukia.

Timu ikikubaliana lebo tatu, UAMUZI, KITENDO na TAARIFA, mada inakuwa hivi:

```
[UAMUZI] Jenereta: kukodi au kununua, Alhamisi saa 6 mchana
```

Lebo inatangulia kwa sababu simu hukata mwisho wa mada. Tahajia nayo iwe moja: kichujio kinachotafuta UAMUZI hakitaikamata MAAMUZI. Anayedaiwa jibu ni aliyeandikiwa moja kwa moja. Wa nakala wanasoma tu.

Udhaifu wa lebo hizi uko kwenye majibu. Uamuzi ukishatolewa, "Re: [UAMUZI]" huendelea kuzunguka na watu wanaifungua bure. Anayejibu abadilishe lebo iwe TAARIFA, ingawa Gmail itaanzisha mazungumzo mapya. Kwa watu watatu wanaokaa chumba kimoja, mimi nisingehangaika na lebo.