Usaini sasa au usubiri cheti cha kampuni?

Umepata fremu nzuri ya duka ya kupanga, kampuni bado haijasajiliwa.

Ukisaini sasa, fremu ni yako leo, na deni pia. Kuandika "kwa niaba ya kampuni itakayoundwa" hakukukingi. Mwaka 1866, katika kesi ya Kelner v Baxter, waanzilishi wa kampuni ya hoteli Uingereza walinunua mvinyo wa pauni 900 kwa maneno ya namna hiyo. Mvinyo ukanywewa, kampuni ikaanguka, wakadaiwa wao. Kampuni ilikuwa imeuridhia mkataba, lakini mahakama ikasema haiwezi kuridhia kilichofanywa kabla haijakuwepo. Sheria ya Kampuni ya Kenya ya 2015 nayo inakubebesha wewe, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Basi kubalianeni: kampuni ikisajiliwa na kusaini mkataba mpya, wewe umetoka. (Mwenye nyumba mjanja atagoma.)

Kusubiri kunalinda mfuko wako, ila fremu inaweza kwenda. Kama kodi ya miezi sita unaimudu mwenyewe, saini. Kama ni mashine ya mamilioni kwa mkopo, mimi ningengoja cheti.